Bi Barke na Bei Tatu za Kitabu cha Chovai

"Barke, wewe jana ulikwenda mjini kununua kitabu au kununua papa?"

Swali hilo Mulki, jirani yake wa banda la pembeni, alimuuliza kwenye mfereji wa maji, asubuhi, na wanawake wote wakaacha ndoo zao zifurike ili wasikie jawabu. Habari ilikuwa imeshafika kambini kabla ya mwenyewe. Bi Barke ameingia duka la kupiga chapa mjini Mombasa, duka lenye mlango wa kioo na mashine ya baridi, akashika karatasi za mfano, akazipapasa, akazinusa, kisha akamwuliza bwana aliyevaa tai: "Bei hii ni pamoja na matumbo, au ameshatolewa?"

Bi Barke akaweka ndoo yake chini taratibu.

"Mulki dada yangu, papa ukiuziwa na kichwa na matumbo, nusu ya pesa yako unaitupia kunguru. Kitabu nacho kina matumbo yake. Hujui kwa sababu hujapata kununua."

"Na wewe umenunua vingapi?"

"Hiki ndicho cha kwanza. Ndiyo maana nauliza."

Nilikuwa naye siku ile dukani, kwa hiyo nayasema niliyoyaona. Mimi ni mtu wa Kismayo, baba yangu alikuwa baharia, na vita vilipotutoa tulifikia kambi moja na watu wa visiwani, huko bara, ng'ambo ya Makupa. Bi Barke binti Mohamed alikuwa mtu wa Chovai, kisiwa kimoja kusini ya Kismayo. Kazi yake kwao ilikuwa kusuka mikeka na kukausha samaki, na kambini akasuka mikeka tu, maana samaki tulimwona kwa nadra. Herufi za Kiarabu alizisoma vizuri, za Kizungu hakuzijua. Mumewe, Mzee Bakri, alikuwa fundi wa kuziba vyombo vya baharini, mtu wa maneno machache na kiburi kidogo, Mungu amsamehe na atusamehe sote.

Mwaka ule watu wa shirika la wakimbizi walituambia kambi itafungwa. Anayetaka kurudi kwao atasafirishwa kwa meli, asiyetaka atapelekwa kambi za mbali, kule kwenye mavumbi. Tulipewa wiki sita. Usiku wa habari ile wengine walilia, lakini Bi Barke alikuwa na jambo lake. Watoto waliozaliwa kambini walikuwa hawajui nyumba zao. Ukimwuliza mtoto wa Mulki kwao ni wapi, anakuonyesha banda namba kumi na saba. Na Chovai hapakuwa na hati za viwanja. Hati ilikuwa vichwa vya wazee, na wazee walikuwa wanapungua. Wakirudi, nani atajua ukuta huu ni wa nani? Wakitawanyika, nani atamwambia mjukuu?

Basi akataka kitabu. Nyumba zote za Chovai, moja baada ya moja, mwenyewe nani, baba yake nani, babu yake nani, watoto wake, na kisima alichokuwa akiteka. Nakala mia tatu, kila familia ipate yake, na za akiba kwa walio Ulaya. Mwanawe Mahir, mpishi kwenye meli za Ghuba, alileta pesa, na wanawake wakachanga za mikeka. Zikatimia shilingi elfu kumi na nne, zikakaa ndani ya kibuyu cha uto wa samaki kilichokauka. Zilinuka uto mpaka siku ya kulipa.

Kazi ya kuandika ilinipata mimi, kwa sababu hati yangu ilisomeka. Bi Barke alifumba macho, akaanza upande wa kusini wa kisiwa, akatembea kwa akili yake nyumba hadi nyumba, na mimi nikimfuata kwa kalamu. "Hapa mlango unatazama bahari. Hapa pana mkwaju. Hapa mchu hakai, pana paka tu, pita." Mchu kwao ni mtu, kichu ni kitu, na nyumba ya paka niliiandika vilevile. Siku nane tulitembea hivyo bila kutoka kwenye mkeka. Tukapata nyumba mia moja na kumi na mbili.

Kisha tukaenda kutafuta bei.

Duka la kioo lilitupa karatasi nzuri yenye muhuri, wao waliiita kwotesheni: elfu ishirini na moja. Karatasi nyeupe nzito, jalada linalong'aa, kila kitu ndani. Nilidhani kila kitu ni kila kitu, lakini Bi Barke akauliza, "Na kutuletea?"

"Tunapeleka bure, mama. Popote kisiwani."

"Kisiwa kipi?"

Yule bwana akacheka. "Kisiwa cha Mombasa."

"Sisi tuko ng'ambo ya daraja."

"Hapo mteja anajichukulia."

Bi Barke akanitazama. "Andika: anamleta samaki mpaka mlangoni kwake."

Wa pili alikuwa Bwana Omar, juu ya ngazi, katika chumba ambacho mashine ilikuwa kubwa kuliko mlango, sijui waliiingiza vipi. Huyo hakutaka hata kuona daftari letu. Aliuliza, "Kurasa ngapi?" Tukasema thelathini na mbili, ndogo, za karatasi iliyokunjwa mara moja. Akaandika nyuma ya kiganja chake, kisha kwenye kipande cha karatasi: elfu kumi na moja na mia tano. Mulki aliposikia bei ile alitaka tukimbie na pesa asubuhi ileile kabla hajabadilisha.

Wa tatu alikuwa mwanamke, Bi Arafa, mjane mwenye karakana nyuma ya soko, aliyeachiwa na mumewe mashine mbili na wafanyakazi wawili. Yeye alituketisha, akatupa chai, akasoma daftari lote. Alipofika kwenye nyumba ya paka akacheka mpaka miwani ikaanguka. Bei yake: elfu kumi na tano na mia mbili.

Jioni ile Bi Barke alitandika mkeka, akaweka zile karatasi tatu za bei, na pembeni kikombe cha kokwa za tende. Akaniambia, "Nisomee kila kichu alichokiandika mchu, nami nitakiwekea kokwa." Nikasoma. Duka la kioo lilikuwa na kokwa kwa uchapaji wa herufi kwenye kompyuta, kwa karatasi, jalada, kukunja, kutia pini, na prufu moja. Prufu ni zile karatasi za kwanza unazopewa usome na kusahihisha kabla ya mashine kuanza. Bi Arafa alikuwa na zote hizo, prufu mbili badala ya moja, tena na kokwa ya kuleta mzigo hadi lango la kambi. Bwana Omar alikuwa na kokwa mbili: karatasi na wino.

Mulki alikuja kuchungulia. "Mbona huyu maskini ana tende mbili?"

"Ndiyo nataka kujua zake nyingine kazila nani."

Kesho yake tukapanda ngazi tena. Bi Barke alisimama mlangoni kwa sababu ndani hapakuwa na pa kusimama.

"Bwana Omar, mwanangu, herufi atapiga nani?"

"Herufi? Hiyo mbali, mama. Hamsini kila ukurasa."

"Jalada?"

"Jalada linategemea. Tuseme elfu moja na mia nane."

"Prufu?"

"Ya nini? Mimi macho yangu mazima."

"Mashallah, Mungu akuhifadhie. Lakini nikiitaka?"

"Arubaini kila ukurasa."

"Na kutuletea?"

"Nina jamaa ana pikapu. Mia sita."

Bi Barke alishukuru, akamwombea baraka katika kazi yake, tukashuka. Chini ya ngazi alisimama kunitazama nikijumlisha. Elfu kumi na sita na mia saba na themanini, na kukunja hatujauliza. Aliyekuwa rahisi kuliko wote amempita Bi Arafa kwa elfu moja na nusu na zaidi.

"Si mwizi," akasema. "Alinipa bei ya kichwa. Mimi ndiye niliyedhani ni samaki mzima."

Sasa ilibaki elfu moja na mia mbili iliyokosekana kwa Bi Arafa. Mulki alikuwa na dawa yake. "Waambie watoe hamsini tu badala ya mia tatu. Bei itakatika mara sita!" Alikwenda nasi kumweleza mwenyewe. Bi Arafa hakumcheka. Alimwonyesha bamba, ile karatasi ngumu inayofungwa kwenye mashine na kubeba maandishi, bamba moja kwa kila upande wa karatasi kubwa.

"Ukitoa moja au ukitoa mia tatu, mama, mabamba ni hayahaya kumi na sita, na kuyaandaa ni kazi ileile. Ukipunguza nakala nitakupunguzia karatasi na jalada tu. Za ndani zote mia tatu zinakula rimu tano."

"Kama tanuri," akasema Bi Barke. "Kuni za mkate mmoja ni zilezile."

"Basi tuoke mikate mingi," akasema Mulki upesi, kana kwamba yeye ndiye aliyesema hivyo tangu mwanzo.

Bi Barke akachukua kitabu kimoja kwenye rafu ya Bi Arafa, akakikunjua katikati, akazigusa zile pini mbili mgongoni.

"Hizi za nini?"

"Ndizo zinazoshika kurasa."

"Kwetu hazitashika kichu. Juzuu zetu zilizotoka Kismayo zilikuwa na pini hizi. Mwaka wa kwanza pini zikawa nyekundu, mwaka wa pili zikala karatasi, mwaka wa tatu mtoto akifungua Amma, kurasa zinaruka kama panzi. Ni chumvi ya hewa. Wewe nipe karatasi zilizochapwa na jalada lake, usikunje, usitie pini. Nitakunja na kushona kwa uzi mimi. Unanipunguzia ngapi?"

Bi Arafa akauliza, "Umeshashona vitabu?"

"Nimeshona mikeka ya misikiti miwili. Kitabu ni mkeka mdogo."

Kukunja na kutia pini kulikuwa elfu moja na mia mbili kamili. Bi Arafa akaifuta, akaandika bei mpya, na Bi Barke akakitoa kile kibuyu. Karakana nzima ikanuka uto. Mfanyakazi mmoja akatoka nje kupumua.

Wiki moja baadaye prufu zikaja kambini. Bi Arafa alitueleza vizuri: someni, sahihisheni kwa kalamu nyekundu, kisha mtie sahihi. Baada ya sahihi kosa ni lenu, na bamba likishatengenezwa kulibadilisha ni pesa. Bi Barke akaamua zisomwe mbele ya watu wote, baada ya sala ya alasiri, kwa sababu kila mtu ndiye shahidi wa nyumba yake. Mimi nikapewa kazi ya kusoma kwa sauti.

Jamani, sijapata kuona. Nilidhani ni kusoma, kumbe ni kesi. Mmoja akasema baba yake ana mke mwingine aliyesahauliwa, mke aliyekuwepo akasema huyo asahauliwe hivyohivyo. Wengine wakagombania kisima. Bibi mmoja alitaka mbuzi wake waandikwe. Bi Barke aliwasikiliza wote, akakubali mke na kisima, akakataa mbuzi. Nikaendelea, nyumba ya arubaini na tano, ya arubaini na sita, ya arubaini na saba.

Mzee Bakri alikuwa amekaa mbele, kofia mpya, kanzu iliyopigwa pasi, ananyoosha shingo. Nilipofika ya hamsini nikamwona ameacha kunyoosha shingo. Nilipofika ya sitini akakohoa. Nilipomaliza ya mia moja na kumi na mbili, ya Khamis pwani, akasimama.

"Nina swali moja."

"Sema, Mzee Bakri," watu wakasema.

"Mimi nilikuwa nikilala wapi? Miaka thelathini na minne nilikuwa nikilala wapi?"

Khamis, rafiki yake wa utoto, akasema, "Labda wewe ndiye yule paka."

Watu walianguka kwa kicheko. Mulki alilala chini akishika ubavu. Mimi nilitamani ardhi inimeze, kwa maana nilijua kosa limetoka wapi. Bi Barke hakupata kulitaja jina la mumewe maisha yake yote. Wanawake wa rika lake kwao hawakulitaja, ilikuwa adabu. Alimwita Baba Mahir mbele ya watu, na mbele yake hakumwita chochote, alikohoa tu naye akaitika. Siku tulipofika nyumbani kwake kwa akili, alisema, "Hapa ni hapa," akapita. Nikaacha nafasi nipate kumwuliza mtu mwingine jina kamili la mzee na la baba yake. Nikasahau. Mpiga herufi akaona nafasi tupu, akaifunga.

Mzee Bakri aliingia bandani, hakutoka kula. Bi Barke alimpelekea chai mara mbili, ikarudi mara mbili. Mara ya tatu alisimama nje ya pazia, akakohoa. Ndani hakuitika mtu.

Zilibaki wiki mbili na siku tatu meli ije.

Asubuhi tulikuwa kwa Bi Arafa kabla hajafungua. Aliisoma ile nyumba mpya niliyoiandika, ambayo habari zake nilipewa na Khamis: Bakri wa Omar wa Mahmoud, fundi wa kuziba vyombo, kisima cha msikitini. Akavua miwani.

"Hapa pana shida. Nyumba ni nne kila ukurasa. Mia moja na kumi na mbili ziliingia kurasa ishirini na nane barabara, bila nafasi ya hata sindano. Hii moja ikiingia katikati, zote za mbele yake zinasogea, ya mwisho inatoka nje. Na karatasi ikikunjwa inatoa kurasa nne, siwezi kukuongezea ukurasa mmoja. Ni nne au hapana. Kurasa nne zina mabamba yake, karatasi yake. Itazidi elfu moja na mia tatu."

Kibuyu kilikuwa kitupu. Nikaanza kulia, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Bi Barke akanipiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa.

"Hujachapa bado, Bi Arafa?"

"Sijachapa. Ndiyo faida ya prufu. Kusogeza kwenye kompyuta sikutozi, ni prufu ya pili, imo kwenye bei yako."

"Basi hatujapoteza kichu. Yule bwana wa ngazini mwenye macho mazima angekuwa ameshamaliza, na mume wangu angekuwa paka milele. Ukurasa wa mwisho una nini?"

Bi Arafa akautafuta. Juu palikuwa na dua ya kuwaombea waliokufa njiani. Chini palikuwa na maneno ambayo wanawake wa kambini walitaka yaandikwe: kwamba kitabu hiki kimekusanywa na Barke binti Mohamed wa Chovai, msuka mikeka, aliyekumbuka nyumba zote kwa kichwa chake, Mungu amlipe kheri. Mistari mitano. Sawasawa na nyumba moja.

"Dua ibaki," akasema Bi Barke. "Hiyo ya chini itoe. Waliomo wanajua nani aliyewaweka."

"Mama, hili ndilo jina lako peke yake kitabuni," akasema Bi Arafa.

"Nimo ndani ya nyumba yangu, namba arubaini na nane. Unataka nikae barazani pia?"

Prufu ya pili ilipokuja hatukuisoma kwa watu. Bi Barke alimpelekea mumewe karatasi zote, akaweka kidole penye namba arubaini na nane, akakohoa. Mzee Bakri alisoma kwa muda mrefu kwa mtu mwenye mistari mitano mbele yake. Alisoma na ukurasa wa mwisho, akaona yale maneno juu ya mkewe yametolewa. Kisha akaomba kalamu nyekundu. Kando ya namba arubaini na nane, baada ya jina lake, akaandika kwa hati ya Kiarabu, hati ya mtu aliyezoea kushika patasi: na mkewe, Barke binti Mohamed. Kwenye mstari uleule, pembeni, palikuwa na nafasi. Akamrudishia, akaomba chai.

Khamis naye alikuja kuona nyumba yake ilikohamia, chini ya dua. Nilikuwa namwogopa. Akasema, "Alhamdulillahi. Nyumba zote zimekaa na nyumba, yangu imekaa na dua. Mwambieni Bakri asante kwa kusahauliwa."

Bi Barke alitia sahihi yake kwa herufi za Kiarabu, akiandika polepole na ulimi nje. Siku sita baadaye pikapu ya Bi Arafa ilisimama langoni, bila senti zaidi, na karatasi zimefungwa vifurushi. Tukaketi wanawake kumi na wawili, mmoja anakunja, mmoja anatoboa, mmoja anashona. Mulki alishona cha kwanza juu chini, tukamwachia kiwe chake. Meli ilipokuja, kila familia ilipanda na kitabu kifuani, na waliopelekwa kambi za mbali walikuwa nacho vilevile.

Bi Barke na Mzee Bakri walirudi Chovai. Miaka mingi imepita, na mimi bado niko Mombasa. Mwaka jana mjukuu wao alinijia na nakala yao. Uzi ulikuwa mzima, jalada limechakaa, na pembezoni mwa kila ukurasa pamejaa majina ya waliozaliwa, yameandikwa kwa penseli mpaka hayana pa kupumua. Ndani mlikuwa na barua fupi aliyopewa na bibi yake, ambaye sasa hasikii vizuri lakini akili iko palepale. Naiandika kama ilivyo:

"Kichapwe tena, mia tatu. Mwulize kwanza mpiga chapa bei ya kila kichu, na kumleta samaki hadi bandarini. Prufu msome nyinyi wawili kwa sauti. Pini asitie. Na safari hii nataka kurasa nne tupu mwisho, za watoto."